Nani anamiliki nini? Jinsi ya kuandika mgao wa hisa za waanzilishi ili mwekezaji auamini

Katika vilima vya Mbooni avokado hustawi vizuri, na si jambo geni kwa vijana wa Kikima kuungana wawili au watatu kuanzisha kampuni ya kusindika matunda, maziwa au asali. Wengi hujua kuandika mpango wa biashara. Bei ya mashine wanayo, idadi ya wakulima wanayo, na makadirio ya mauzo ya miaka mitatu yako tayari. Lakini mwekezaji anapoufungua mpango huo, mara nyingi hutafuta kwanza ukurasa unaoeleza kampuni ni ya nani. Hapo hukuta sentensi moja tu: "Kampuni inamilikiwa na waanzilishi watatu kwa usawa."

Sentensi hiyo haimtoshelezi, kwa sababu haimwambii kitakachotokea mmoja wa hao watatu akipata kazi Nairobi baada ya miezi minane, akiugua, au akikosana na wenzake. Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo ukurasa huo unapaswa kuyajibu. La kwanza ni jinsi hisa zilivyogawanywa na sababu ya mgao huo. La pili ni jinsi kila mwanzilishi anavyozipata hisa zake polepole kadiri anavyofanya kazi. Jambo hili la pili tutaliita kuiva kwa hisa.

Kwanza, hakikisheni mna hisa za kugawa

Hisa zipo katika kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015. Jina la biashara lililosajiliwa halina hisa. Kikundi cha kujisaidia, hata kiwe na cheti, hakina hisa za kumuuzia mtu wa nje. Kama mnataka mwekezaji atakayenunua sehemu ya umiliki, na si mkopeshaji tu, itabidi msajili kampuni ya binafsi yenye dhima yenye kikomo kupitia eCitizen, katika Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS.

Wakati wa kujaza fomu mtaulizwa idadi ya hisa, thamani ya kila hisa na idadi anayochukua kila mtu. Watu wengi huenda kwa saiba, wakamwachia kijana wa kompyuta vitambulisho, naye akajaza nambari anazozijua: hisa 1,000, nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Wenye kampuni hawaelewi kwamba jibu hilo la dakika mbili ndilo serikali inalolitambua. Siku mwekezaji atakapoomba hati ya CR12, ambayo ni taarifa rasmi ya msajili inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa, ataona nusu kwa nusu, ilhali mpango wenu unasema vingine. Kufikia hapo mmeshaanza kupoteza imani yake, hata kama hamkukusudia kumdanganya. Kwa hiyo kaeni mkubaliane kuhusu mgao kabla ya kwenda kusajili.

Usawa unaozaa ugomvi

Kugawana sawa huonekana kuwa ndiyo njia ya amani. Tatizo ni kwamba mgao hufanywa siku ya kwanza, wakati hakuna ajuaye nani atafanya kazi kiasi gani.

Mfano unaojulikana sana ni wa kampuni ya Zipcar ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2000 ili kukodisha magari kwa saa. Waanzilishi walikuwa wanawake wawili, Robin Chase na Antje Danielson. Walikubaliana mapema sana, kwa kupeana mkono, kwamba kila mmoja atachukua nusu. Baadaye Chase akawa anafanya kazi ya kampuni muda wote, huku Danielson akiendelea na ajira yake katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kazi ikawa si sawa, lakini hisa zikabaki sawa. Mtafiti Noam Wasserman alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu matatizo ya waanzilishi, na Chase mwenyewe amewahi kusema wazi kwamba makubaliano yale ya haraka yalimsumbua kwa muda mrefu.

Wasserman na mwenzake Thomas Hellmann walichunguza pia kampuni nyingi changa, wakakuta kwamba waliogawana sawa walipata shida zaidi kupata pesa za watu wa nje. Si kwamba usawa wenyewe unafukuza pesa. Maelezo yao ni kwamba mgao wa sawa uliofanywa haraka humwonyesha mwekezaji watu waliokwepa mazungumzo magumu. Akiona mmeshindwa kuzungumzia hisa ninyi kwa ninyi, atajiuliza mtawezaje kuzungumzia bei na wanunuzi wakubwa. Mgao wa sawa unaweza kuwa wa haki pale ambapo wote wanaacha kazi nyingine, wanaingia siku moja na wanabeba mzigo unaolingana. Kinachotakiwa ni kuandika sababu.

Mfano wa watu watatu

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya kukamua mafuta ya avokado hapa Kikima. Waanzilishi ni watatu, nasi tutawaita kwa kazi zao. Msindikaji amesomea teknolojia ya vyakula na amejaribu ukamuaji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ameacha ajira na atakuwa kiwandani kila siku. Muuzaji ana wateja Nairobi na Machakos, naye pia atafanya kazi muda wote. Mhasibu ana ajira ya kudumu Wote. Atatunza vitabu jioni na wikendi, na ndiye mwenye akiba: analeta KSh 600,000 za kununua mashine.

Kosa la kwanza ambalo wangeweza kufanya ni kuchanganya pesa na kazi. Mhasibu angesema, "Bila pesa yangu hakuna mashine, kwa hiyo nataka nusu." Akipewa nusu kwa sababu hiyo, miaka minne baadaye mashine itakuwa imechakaa, lakini nusu ya kampuni itakuwa bado ni ya mtu anayekuja wikendi. Ni afadhali pesa zihesabiwe peke yake na kazi ihesabiwe peke yake. Katika mfano wetu, watatu hao wanakubaliana kwamba KSh 600,000 ni mkopo wa Mhasibu kwa kampuni. Hautalipwa mwaka wa kwanza, kisha utalipwa KSh 25,000 kila mwezi kwa miezi 24. Mkopo huo unaandikwa kwa mkataba wake na kuonekana katika vitabu vya kampuni. Hisa anazopata Mhasibu ni za kazi yake ya hesabu tu.

Kwa kazi, wanasajili hisa 960 zenye thamani ya KSh 10 kila moja, na kugawana hivi: Msindikaji hisa 432, Muuzaji 384, Mhasibu 144. Kwa asilimia ni 45, 40 na 15. Msindikaji amemzidi Muuzaji kidogo kwa sababu ya mwaka wa majaribio, lakini si kwa mbali, maana kazi kubwa iko mbele na wote wawili wataifanya. Hapa ndipo wengi hukosea upande wa pili, yaani kumpa mwenye wazo asilimia 80 kwa sababu "wazo ni lake." Wazo bila miaka minne ya kazi halina bei kubwa sokoni, na mwekezaji analijua hilo.

Mgao uangaliwe pia kwa jicho la kura. Katika kampuni, mambo ya kawaida huamuliwa na zaidi ya nusu ya kura. Mambo mazito, kama kubadili kanuni za kampuni, huhitaji azimio maalum la angalau asilimia 75. Katika mgao wetu hakuna mtu mmoja mwenye nusu. Wawili wowote wakikubaliana, jambo la kawaida linapita. Azimio maalum haliwezi kupita bila Msindikaji na Muuzaji pamoja, kwa kuwa wao wawili wana asilimia 85. Linganisheni na kampuni ya watu wawili wenye 50 kwa 50: wakikosana, hakuna kitu kinachopita, na mwekezaji akiona hivyo anajua kwamba pesa zake zinaweza kukwama katikati ya ugomvi.

Hisa huivaje?

Wazee wetu wa Ukambani walijenga matuta ya mashamba kwa mwethya. Kikundi kilikwenda shamba la huyu leo na la yule kesho, na kila mtu alijua kwamba zamu yake ya kusaidiwa inategemea kufika kwake katika zamu za wenzake. Kuiva kwa hisa kunafuata hesabu iyo hiyo. Hisa zimeandikwa kwa jina lako tangu siku ya kwanza, unazipigia kura, lakini zinakuwa zako kabisa kidogo kidogo kadiri unavyoendelea kufika kazini. Ukiondoka mapema, zile ambazo hazijaiva zinarudi kwa wanaobaki.

Utaratibu unaotumiwa sana duniani ni wa miaka minne, yaani miezi 48, pamoja na kizingiti cha mwaka mmoja. Katika mfano wetu, hisa za Msindikaji zinaiva 9 kila mwezi, za Muuzaji 8, na za Mhasibu 3. Zidisheni kwa 48 mtapata 432, 384 na 144.

Kizingiti maana yake ni kwamba mtu akiondoka kabla ya kutimiza miezi 12, hana hisa yoyote iliyoiva. Akitimiza mwezi wa 12, zile za mwaka mzima zinaiva kwa pamoja, kisha zinaendelea kila mwezi. Muuzaji akiondoka mwezi wa 8 anaondoka bila hisa. Akiondoka mwezi wa 12 anaondoka na 96. Mwaka mmoja umewekwa kwa sababu ndio muda wa kumjua mtu kazini. Katika biashara ya avokado, ni muda wa kupita msimu wa mavuno na msimu wa uhaba, na kuona nani anabaki wakati kiwanda hakina matunda.

Hisa ambazo mtu amezinunua kwa pesa taslimu haziivi hivyo, kwa kuwa alichotoa kimeshaingia kwenye kampuni. Kuiva kunahusu hisa za kazi. Hii ni sababu nyingine ya kutochanganya vitu hivi viwili.

Muuzaji akiondoka mwezi wa 20

Tuseme baada ya miezi 20 Muuzaji anapata kazi nzuri Mombasa na anaaga kwa amani. Wiki hiyo hiyo, mwekezaji anataka kuingia kwa hisa mpya 240. Hisa zote zitakuwa 1,200, naye atakuwa na asilimia 20.

Kama hakukuwa na makubaliano ya kuiva, Muuzaji anaondoka na hisa zake zote 384. Kabla ya mwekezaji kuingia ana asilimia 40 ya kampuni asiyofanyia kazi, na kwa kuwa amezidi asilimia 25 anaweza kuzuia azimio lolote maalum akiwa Mombasa. Baada ya mwekezaji kuingia, bado ana asilimia 32. Msindikaji, anayeamka saa kumi na moja kila siku kupokea matunda, ana 36. Mtu wa kuchukua nafasi ya Muuzaji hatakubali kuja bila hisa, na hisa za kumpa itabidi zipunguze za waliobaki na za mwekezaji. Mwekezaji akipiga hesabu hiyo anafunga mkoba wake. Hisa zilizobaki kwa mtu aliyeondoka huitwa na baadhi ya wawekezaji uzito mfu, na ni mojawapo ya sababu wanazotaja wanapokataa kampuni yenye bidhaa nzuri.

Kama makubaliano yalikuwepo, hesabu inabadilika. Hisa zilizoiva ni 8 mara 20, yaani 160. Hizo ni zake, hakuna wa kumnyang'anya, na kampuni ikifanikiwa atafaidika nazo. Zilizobaki ni 224. Hizo anapaswa kuwauzia waliobaki kwa thamani iliyosajiliwa, KSh 10 kila moja, jumla KSh 2,240. Msindikaji na Mhasibu wanazichukua kulingana na uwiano wa hisa zao, tatu kwa moja. Msindikaji ananunua 168 kwa KSh 1,680, na Mhasibu 56 kwa KSh 560.

Sasa Msindikaji ana 600, Mhasibu 200, na Muuzaji 160. Jumla bado ni 960. Muuzaji ana chini ya asilimia 17, hawezi kuzuia azimio maalum peke yake. Mwekezaji akiingia na 240 zake, Msindikaji anakuwa na asilimia 50, mwekezaji 20, Mhasibu karibu 17, na Muuzaji kidogo zaidi ya 13. Wanaoshika usukani ni walioko kazini, na aliyeondoka amelipwa kwa miezi aliyofanya. Kama wanataka hisa hizo zimsubiri muuzaji mpya, waandike mapema kwamba wanaozinunua watatoa sehemu fulani kwake, nazo zianze kuiva upya kuanzia siku atakapoingia.

Kurudisha hisa kwa mujibu wa sheria

Wengine huandika kwamba "hisa zitarudi kwenye kampuni." Sheria inaruhusu kampuni kununua hisa zake yenyewe, lakini kwa masharti kuhusu pesa inazotumia na taratibu za kuidhinisha, na kampuni changa isiyo na faida inaweza kukwama. Kwa kampuni ndogo ni rahisi zaidi kuandika kwamba hisa ambazo hazijaiva zitanunuliwa na wanahisa waliobaki, kama katika mfano wetu.

Ahadi hiyo iwe katika mkataba wa wanahisa uliotiwa saini na wote, na kanuni za kampuni ziseme jambo lile lile. Mkataba ukisema hivi na kanuni zikisema vile, anayeondoka atashika ule unaompendelea. Mawakili wengi hushauri pia kila mwanzilishi atie saini mapema hati ya kuhamisha hisa, ikae kwa wakili, ili siku ya kuondoka kusiwe na kumtafuta mtu ambaye simu yake haipatikani.

Uhamishaji wa hisa hulipiwa ushuru wa stempu KRA, asilimia 1, na KRA huangalia thamani halisi ya hisa, si bei mliyoandika tu. Kampuni ikiwa changa ushuru huo ni mdogo. Ikiwa imeshakua, ulizeni mhasibu kwanza, kwa sababu kodi ya faida ya mtaji nayo yaweza kuhusika. Baada ya hapo daftari la wanahisa la kampuni lirekebishwe, msajili aarifiwe, na taarifa ya wamiliki halisi ibadilishwe. Kanuni za mwaka 2020 zinataka kampuni imtaje kila anayemiliki au kudhibiti angalau asilimia 10. Muuzaji wetu, akiwa na 160 kati ya 960, bado yumo kwenye orodha hiyo.

Kuugua, kufariki, kufukuzwa

Sehemu hii huepukwa kwa sababu inaonekana kama kutabiri mabaya, lakini ndiyo inayoleta kesi. Mwanzilishi akifariki, hisa zake ni sehemu ya mirathi. Familia ambayo haikuwahi kusikia habari ya kuiva itaona wenzake wanakuja siku chache baada ya mazishi kudai hisa 224 kwa KSh 2,240, na itaamini inadhulumiwa. Kwa hiyo amueni mapema. Kampuni nyingi huandika kwamba hisa zilizoiva ni za warithi bila mjadala, na kwamba kwa kifo au ugonjwa unaomwondoa mtu kazini, sehemu ya zile ambazo hazijaiva, kwa mfano nusu, itaiva papo hapo. Kisha kila mwanzilishi awaeleze watu wa nyumbani kwake na kuwaachia nakala.

Kufukuzwa nako kuelezwe. Mtu aliyeiba pesa za kampuni hawezi kutendewa sawa na aliyepata ajira kwingine. Mnaweza kuandika kwamba aliyeondolewa kwa wizi au udanganyifu uliothibitishwa atauza hata hisa zilizoiva kwa thamani iliyosajiliwa. Lakini elezeni ni nani atathibitisha. Bila hivyo, wawili wanaweza kuungana dhidi ya wa tatu na kumwita mwizi mwezi mmoja kabla ya hisa zake kuiva. Kinga nzuri ni kutaka uamuzi wa msuluhishi wa nje aliyekubaliwa na wote tangu mwanzo.

Jambo la mwisho ni kampuni ikinunuliwa nzima kabla ya miezi 48. Waanzilishi hutaka hisa zote ziive siku ya mauzo. Mnunuzi naye hutaka wabaki kazini. Njia ya kati inayokubalika na wengi ni kwamba ziive zote iwapo kampuni imeuzwa na mwanzilishi akaondolewa na mmiliki mpya bila kosa. Hivi mwanzilishi hapotezi jasho lake, na mnunuzi bado ana njia ya kumbakisha.

Ukurasa wenyewe uandikwe hivi

Katika mpango wa biashara, maelezo haya hayahitaji zaidi ya ukurasa mmoja. Kampuni ya mfano wetu ingeandika:

"Kampuni ina hisa 960 za KSh 10 kila moja. Msindikaji ana 432 (asilimia 45), Muuzaji 384 (asilimia 40) na Mhasibu 144 (asilimia 15). Mgao umezingatia muda ambao kila mmoja atautoa kwa kampuni, pamoja na mwaka mmoja wa majaribio ya ukamuaji uliofanywa na Msindikaji. Pesa za mashine, KSh 600,000, ni mkopo wa Mhasibu kwa kampuni na hazikubadilishwa kuwa hisa. Hisa zote za waanzilishi zinaiva kwa miezi 48 tangu siku ya kusajiliwa, na kizingiti cha miezi 12. Anayeondoka huwauzia wanaobaki hisa ambazo hazijaiva kwa thamani iliyosajiliwa. Masharti ya kifo, ugonjwa, kuondolewa kwa kosa na kuuzwa kwa kampuni yamo katika mkataba wa wanahisa uliotiwa saini na wote watatu. Hakuna mtu mwingine aliyeahidiwa hisa, kwa maandishi au kwa mdomo."

Sentensi ya mwisho ina uzito mkubwa. Mjomba aliyetoa kiwanja na kuambiwa "nawe utapata kidogo," au fundi aliyefunga mashine kwa ahadi ya asilimia 2, huibuka siku pesa zinapoingia. Kama kuna ahadi za namna hiyo, ziandikwe au zimalizwe kabla ya sentensi hii kuandikwa.

Chini ya maelezo hayo wekeni jedwali dogo la umiliki lenye safu mbili, moja ya hali ilivyo leo na nyingine ya hali itakavyokuwa mwekezaji akiingia. Katika mfano wetu, hisa 240 mpya zikitolewa kabla ya mtu yeyote kuondoka, Msindikaji anashuka kutoka asilimia 45 hadi 36, Muuzaji kutoka 40 hadi 32, Mhasibu kutoka 15 hadi 12, na mwekezaji anapata 20. Hisa zao hazijapungua, isipokuwa kampuni sasa imegawanywa katika vipande vingi zaidi. Waanzilishi wanaoandika nambari hizi wenyewe huonyesha wameshaelewa watakachokitoa.

Atakavyowahakiki

Msidhani mwekezaji ataamini ukurasa huo kwa kuusoma. Atachukua CR12 yenu na kuilinganisha na jedwali. Ataomba daftari la wanahisa na mkataba uliotiwa saini. Atawauliza waanzilishi mmoja mmoja, wakati mwingine kila mtu peke yake, hisa zake ni ngapi na zimeiva ngapi mpaka mwezi huu. Katika mwezi wa 20, Msindikaji ajibu 180, Muuzaji 160, Mhasibu 60. Mmoja akisema "mimi nina nusu," mazungumzo yameishia hapo. Nanyi mnaweza kujipima hivyo hivyo jioni moja mezani, kabla hajafika mgeni yeyote.

Kwa walio na kampuni tayari, bado hamjachelewa. Mkataba wa kuiva unaweza kutiwa saini leo, na miezi ambayo kila mtu ameshafanya kazi ihesabiwe kuwa imeiva. Aliyefanya kazi kwa miezi 24 anaanza akiwa na nusu ya hisa zake zilizoiva. Ugumu ni kwamba lazima wote wakubali, hata yule anayejua anakaribia kuondoka. Ndiyo maana ni kazi rahisi mwezi wa kwanza na ngumu mwezi wa 30.

Maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili. Chukueni ukurasa wenu wa umiliki, jedwali na rasimu ya mkataba, mwende navyo kwake vikiwa vimeandikwa. Wakili anayekuta mmeshakubaliana kuhusu hisa 432, 384 na 144, na mnajua kitakachotokea mtu akiondoka mwezi wa 20, atakuwa na kazi ya kurekebisha maneno tu. Mkienda kwake bila makubaliano, mtamlipa awasuluhishe. Usajili wa kampuni na ombi la CR12 hufanywa kwa eCitizen. Mkitumia saiba, kaeni kando ya anayejaza fomu, msome idadi ya hisa za kila mmoja kwa sauti kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma.